Kompyuta Nzima Inayoambiwa Haifai

Mwenye duka la stesheneri ana kompyuta ya mezani aliyoundiwa na fundi mwaka 2018. Inachapa barua, inatoa kopi, inajaza fomu za watu mtandaoni kutwa nzima, na haijawahi kumsumbua. Siku moja anajaribu kupandisha Windows 11, naye anakutana na maneno haya kwenye kioo: `This PC can't run Windows 11`. Anamwita fundi na kumuuliza swali ambalo mafundi wanaulizwa kila kukicha: mashine nzima, inafungua kila kitu, mbona inaambiwa haifai?

Jibu la haraka analopewa mara nyingi ni kwamba mashine imezeeka, anunue nyingine. Huenda ni kweli. Lakini kwa mashine za umri huo, mara nyingi si kweli. Kinachokosekana kimo ndani ya kasha tangu siku ilipotoka dukani, ila hakuna aliyekiwasha.

Swali lenyewe lina haraka yake. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mashine ya Windows 10 haikuzimika siku hiyo. Iliacha tu kuzibwa matundu mapya yanayogunduliwa, na ndani ya mashine inayojaza fomu za watu hupita namba za vitambulisho na nywila zao.

Kufuli mbili zisizofanana

Katika orodha ya masharti ya Windows 11 kuna mawili yanayowachanganya watu kuliko mengine: TPM 2.0 na Secure Boot. Wengi huyataja pamoja kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu viwili, na kila kimoja kina kazi yake.

TPM ni kichipu cha siri. Kazi yake kubwa ni kutunza funguo: zile tarakimu ndefu ambazo kompyuta huzitumia kufungia data kwenye diski au kuthibitisha kwamba mtumiaji ni yeye kweli. Mfano wake ni kasha la chuma lililochimbiwa ukutani mwa duka. Mwizi akibeba droo ya pesa, kasha linabaki pale pale. Vivyo hivyo, mwizi aking'oa diski na kuipachika kwenye kompyuta nyingine, ufunguo wa kuisoma haumfuati, kwa kuwa umebaki kwenye chipu. Kichipu hiki kina matoleo mawili yanayokutwa madukani, 1.2 na 2.0. Windows 11 inataka 2.0.

Secure Boot ni mlinzi wa mlangoni. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Windows haiamki yenyewe. Kwanza huamka programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama, ambayo wengi huiita BIOS hata ikiwa ni ya kisasa, ile iitwayo UEFI. Hiyo ndiyo inayotafuta diski na kuikabidhi kazi. Secure Boot ikiwa imewashwa, UEFI hukagua saini ya programu inayotaka kupokea kazi hiyo. Saini isipotambulika, au ikiwa imeorodheshwa miongoni mwa zilizopigwa marufuku, mlango haufunguliwi. Lengo ni kuvizuia virusi vinavyojipenyeza kabla Windows haijaamka, maana virusi vya namna hiyo huwahi kabla ya programu ya kuvisaka, na kuving'oa ni kazi pevu.

Mlinzi huyu hafanyi kazi kwenye nyumba ya zamani, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Mbao nyingi za miaka ya 2010 zilitengenezwa ziweze kuamka kwa namna mbili: ya kisasa, UEFI, na ya kizamani, iitwayo `Legacy`. Sehemu inayoruhusu njia ya kizamani huandikwa `CSM` kwenye menyu. Mashine ikiamka kizamani, Secure Boot haina nafasi. Na mafundi wengi wa wakati ule walipiga Windows kwa njia ya kizamani, kwa sababu fleshi zao zilikuwa zimetayarishwa hivyo na hapakuwa na sababu ya kuhangaika.

Kwa kifupi: TPM hutunza funguo, Secure Boot hukagua anayeingia, na mashine inayoamka kizamani haiwezi kuwa na huyu mkaguzi hata kama ubao wake unamfahamu.

Dakika tano za uchunguzi

Kabla ya kugusa chochote, fundi makini huuliza mashine yenyewe. Anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, anaandika `tpm.msc`, kisha Enter. Dirisha likisema `Compatible TPM cannot be found`, ama chipu haipo ama imezimwa. Likifunguka na maelezo, upande wa chini kuna mstari wa `Specification Version`. Hapo ndipo 1.2 na 2.0 hujulikana.

Kisha anaandika `msinfo32`. Kwenye orodha inayotokea, mistari mitatu inatosha. `Processor` inataja prosesa. `BIOS Mode` inasema `UEFI` au `Legacy`. `Secure Boot State` inasema `On`, `Off` au `Unsupported`. Neno hili la mwisho limewatupisha watu mashine nzima. Wanalisoma kama hukumu kwamba ubao hauna Secure Boot. Lakini mashine yoyote inayoamka kizamani huandika `Unsupported`, hata kama ubao wake una Secure Boot kamili iliyolala.

Prosesa ndiyo kizuizi cha kweli, kwa kuwa haina kitufe cha kuwashia. Kwa Intel, orodha ya Windows 11 inaanzia, isipokuwa kwa chache sana, kizazi cha 8. Kizazi husomwa kwenye tarakimu za kwanza baada ya kistari: i5-8400 ni ya kizazi cha 8, i5-4590 ni ya kizazi cha 4. Kwa AMD, Ryzen nyingi za mfululizo wa 2000 kwenda juu zimo, zile za kwanza za mfululizo wa 1000 hazimo.

Mashine ya stesheneri ilisomeka hivi:

- `Processor`: Intel Core i5-8400
- `BIOS Mode`: `Legacy`
- `Secure Boot State`: `Unsupported`
- `tpm.msc`: `Compatible TPM cannot be found`

Mistari mitatu mibaya, mmoja mzuri. Na ule mzuri ndio unaoamua. Prosesa ya kizazi cha 8 ina TPM 2.0 ndani ya mfumo wake, inayoendeshwa na programu badala ya chipu ya peke yake. Intel huiita PTT, AMD huiita fTPM. Mbao nyingi za 2018 zilitoka kiwandani ikiwa imezimwa. Microsoft ilipotangaza masharti mwezi Juni 2021, watu walikimbilia kununua vijichipu vya TPM vya kuchomeka, bei ikapaa, na wengi wao walikuwa nayo tayari ndani ya prosesa. Tena vijichipu hivyo havilingani pini kati ya ubao na ubao, kwa hiyo wapo waliolipa kisha kikakataa kuingia.

Diski kwanza, menyu baadaye

Anayejua nusu ya habari hukimbilia kwenye menyu ya BIOS, akazima CSM, akawasha Secure Boot, akahifadhi. Mashine ikijiwasha tena haiioni Windows. Kioo kinabaki kwenye menyu au kinasema hakuna diski ya kuamkia, na mwenye mali anadhani kazi zake zote zimepotea.

Hazijapotea. Diski iliyopigwa Windows kizamani imegawanywa kwa mtindo uitwao MBR, na UEFI haitafuti Windows kwa mtindo huo. Inataka GPT, wenye sehemu ndogo maalumu ya kuamkia. Ni kama mgeni aliyepewa ramani mpya ya mtaa wakati nyumba bado ina namba ya zamani. Nyumba ipo, ila hafiki. Ukirudi kwenye menyu na kuiwasha CSM tena, Windows inaamka kama jana.

Kwa hiyo diski hubadilishwa kwanza, Windows ikiwa bado inaamka. Tangu toleo la 1703 la mwaka 2017, Windows 10 ina chombo cha kazi hiyo bila kufuta mafaili. Hata hivyo, fundi mwenye busara hunakili kwanza kila kitu cha mteja kwenye diski ya nje. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, chombo hakijui kuomba radhi.

Amri huandikwa kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa `Run as administrator`. Ya kwanza inapima tu, haibadilishi kitu:

```
mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS
```

Namba 0 ni diski yenye Windows. Mashine ikiwa na diski mbili, namba ihakikishwe kwanza kwenye Disk Management. Jibu likiwa `Validation completed successfully`, inafuata ya pili:

```
mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS
```

Kwenye stesheneri, ya kwanza ilikataa. Sababu ilionekana Disk Management ilipofunguliwa: diski ilikuwa na sehemu nne. Kulikuwa na kipande kidogo cha kuamkia, C yenye Windows, kipande cha kurejesha mfumo, na D ya mafaili ya wateja. MBR haibebi zaidi ya sehemu kuu nne, na chombo hiki kinataka zisizidi tatu ili kipate pa kuweka ile sehemu mpya ya UEFI. Desturi ya kugawa diski C na D, ambayo fundi aliiweka ili mafaili yapone Windows ikipigwa upya, ndiyo iliyoziba njia.

Dawa yake si ngumu, ni ya kuchosha tu. Vitu vya D vilihamishiwa diski ya nje, vikafunguliwa kadhaa kuhakikisha vimefika salama, kisha D ikafutwa. Kipimo kikapita. Ubadilishaji wenyewe haukufika dakika moja. Baadaye D iliundwa upya na mafaili yakarudi. Mwishoni mwa kazi huweza kutokea mstari unaolalamikia `ReAgent.xml`. Huo unahusu kile kipande cha kurejesha mfumo peke yake, na hutibiwa baadaye kwa `reagentc /disable` kisha `reagentc /enable`. Haumaanishi kwamba diski imeharibika.

Ndani ya menyu

Baada ya diski, menyu. Huingiwa kwa kubonyezabonyeza Delete au F2 mara tu mashine inapowaka. Kila kampuni hupanga menyu yake ijuavyo, kwa hiyo kukariri njia hakusaidii. Ni bora kujua maneno ya kutafuta.

1. `CSM` au `Launch CSM`: zima. Hifadhi, uwashe upya, uone kwamba Windows imeamka.
2. `PTT` kwa Intel, `fTPM` kwa AMD, au `Security Device Support`: washa.
3. `Secure Boot`: washa. Kama kuna `OS Type`, chagua `Windows UEFI mode`.

Kuhifadhi na kuamsha Windows baada ya kila hatua kunakula muda, lakini kitu kikigoma unajua ni kipi. Anayebadilisha matatu kwa mpigo atakuja kubahatisha.

Hatua ya kwanza ina mtego kwa wenye kadi ya picha ya zamani. Kadi zilizotengenezwa kabla UEFI haijaenea zilitegemea njia ya kizamani kuonyesha picha wakati wa kuamka. Ukizima CSM, mashine inavuma, feni inazunguka, kioo cheusi. Mashine ya stesheneri ilifanya hivyo hivyo, kwa sababu ilikuwa na kadi kongwe iliyochomolewa kwenye mashine nyingine. Fundi alizima umeme, akaing'oa, akahamishia waya wa kioo kwenye tundu la ubao mama, kwani i5-8400 ina picha zake yenyewe. Kioo kikawaka. Kwa prosesa isiyo na picha zake ingebidi kadi nyingine itafutwe kwanza.

Hatua ya tatu nayo ina kisa chake. Menyu inasema `Enabled`, lakini ndani ya Windows `msinfo32` inashikilia `Off`. Mara nyingi mlinzi yupo ila hana daftari la saini: funguo za kiwandani hazijapakiwa. Kwenye menyu hiyo hiyo ya Secure Boot hutafutwa `Key Management`, kisha `Install Default Secure Boot Keys` au maneno yanayofanana nayo. Baada ya hapo `On` hutokea.

Na hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Sharti la Windows 11 ni mashine *iweze* kutumia Secure Boot. Halisemi lazima iwe imewashwa. Mashine inayoamka kwa UEFI, yenye TPM 2.0, prosesa iliyomo orodhani, GB 4 za RAM na diski ya GB 64, inapita hata kama Secure Boot inasoma `Off`. Kuiwasha ni kwa ajili ya ulinzi, na ni vizuri iwashwe, lakini kama imegoma isiwe sababu ya kuacha kazi yote.

Betri ya shilingi na tarakimu 48

Mipangilio ya menyu hukumbukwa kwa msaada wa kibetri cha duara kilichopo kwenye ubao, aina ya CR2032, chenye ukubwa wa sarafu. Kwenye mashine ya miaka saba au minane kimekufa au kinakaribia. Dalili yake inafahamika: kila umeme ukikatika, saa na tarehe hurudi nyuma. Dalili isiyofahamika ni kwamba mipangilio yote nayo hurudi kama ilivyotoka kiwandani, na kiwandani PTT ilikuwa imezimwa. Kazi ya leo asubuhi inafutika usiku. Ndiyo maana kibetri kinafaa kubadilishwa kabla ya kuanza, si baada ya kulalamika.

Kwa mwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, mambo ni mazito zaidi. BitLocker huweka ufunguo wake ndani ya TPM, na TPM huutoa pale tu mashine inapoamka kwa namna ile ile iliyozoea. Ukibadilisha Secure Boot, ukasasisha BIOS, au ukabonyeza `Clear TPM` bila kujua, asubuhi unakuta kioo cha buluu kinachodai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Usipokuwa nao, hakuna fundi wa kuifungua diski hiyo. Kabla ya kugusa menyu, BitLocker isimamishwe kwa `Suspend protection`, na zile tarakimu 48 ziandikwe kwenye karatasi na kutunzwa mbali na mashine hiyo.

Kwa kifupi: kibetri kipya, nakala ya mafaili, tarakimu za BitLocker, ndipo diski, CSM, TPM na Secure Boot, kwa mpangilio huo.

Jirani yake mwenye kizazi cha 4

Upande wa pili wa barabara kuna mashine ya ofisini iliyotumika, Dell OptiPlex 9020 yenye i5-4590, ya aina iliyojaa kwenye maduka ya mitumba ya kompyuta. Hii ina UEFI na ina Secure Boot. Ina hata TPM, lakini ni 1.2, na prosesa yake haimo orodhani. Hakuna kitufe cha kuyabadilisha hayo.

Fundi anaweza kuilazimisha. Ipo thamani ya kuandikwa kwenye rejista ya Windows, `AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU`, inayoruhusu kupandisha mashine yenye walau TPM 1.2. Microsoft yenyewe iliwahi kuichapisha kwenye kurasa zake za msaada, kisha ikaiondoa. Zipo pia fleshi zilizotayarishwa kuruka ukaguzi wote. Zinafanya kazi, na ndizo zinazouzwa kama "Windows 11 kwenye mashine yoyote". Asichoambiwa mnunuzi ni kwamba Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyoingia kwa mlango huo, na kila toleo kubwa linaweza kuja na sharti jipya. Toleo la 24H2 la mwaka 2024 lilikataa kabisa kuamka kwenye prosesa zisizo na maagizo ya SSE4.2. i5-4590 inayo, kwa hiyo ilisalimika. Core 2 Duo zilizokuwa zimelazimishwa ziliishia hapo.

Kwa duka linalobeba vitambulisho vya wateja, kulazimisha si chaguo zuri. Mashine ya i5-4590 inafaa zaidi kubaki Windows 10 kwa mpango wa masasisho ya nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unaisha tarehe 13 Oktoba 2026, au ihamie Linux. Ubuntu na Linux Mint hazidai TPM, na zinaamka hata Secure Boot ikiwa imewashwa, kwa sababu programu yao ya kuamkia imetiwa saini na Microsoft. Mwenye mashine apime kwanza kwa fleshi bila kusakinisha: kama printa inachapa na skana inasoma, mashine hiyo bado ina kazi dukani.

Na anayekwenda kununua ya mtumba aombe iwashwe mbele yake, aandike `msinfo32` mwenyewe, asome mstari wa `Processor` kabla ya kutoa pesa.